Ukuta wa Jipsamu Bafuni na Jikoni

Bodi ya jipsamu ni unga wa jiwe uliogandishwa katikati ya karatasi mbili nene. Jiwe lenyewe ni laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, na karibu asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo hutoka kama mvuke na kinachobaki ni unga mweupe. Unga huo ukikorogwa na maji huyanywa tena, fuwele mpya huota na kushikana, na baada ya muda mfupi uji unakuwa jiwe upya. Kiwandani uji humwagwa juu ya karatasi inayosogea, karatasi ya pili huufunika, kisha utepe huo mrefu hukatwa na kukaushwa. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya namna hii mwaka 1894, ingawa yake ilikuwa na tabaka kadhaa za karatasi, tofauti na bodi ya leo.

Maji yaliyofungwa ndani ndiyo yanayoufanya ukuta wa jipsamu ustahimili moto, kwa sababu moto hulazimika kwanza kuyafukuza ndipo upande wa pili upate joto kali. Jiwe lenyewe lipo Afrika Mashariki. Tanzania huchimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na maeneo ya Kilwa, ila sehemu kubwa huishia viwanda vya saruji, ambako kiasi kidogo chake huizuia saruji isigande haraka mno. Oman nayo ni miongoni mwa nchi zinazouza jipsamu nyingi zaidi duniani, na meli hulipakia katika bandari ya Salalah. Bodi nyingi zilizomo katika maduka ya pwani yetu zimeletwa kwa meli, nyingine kutoka huko Ghuba.

Sebuleni bodi hiyo hukaa miaka mingi bila shida. Bafuni mambo ni mengine. Jipsamu huyeyuka ndani ya maji, kidogo tu, gramu 2 hivi kwa lita, lakini bomba linalovuja halitoi lita moja, hutoa maelfu. Hata kabla ya kuyeyuka, bodi iliyoloa hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake: skrubu iliyokuwa imeshika imara huanza kuchomoka, na kigae kinachoning'inia juu yake hubaki kimeshikwa na karatasi tupu. Karatasi hiyo ni chakula cha kuvu. Kwa hiyo anayetaka ukuta wa jipsamu mahali penye maji hana budi kushughulika na mambo mawili tofauti: bodi isiyonywa maji kwa urahisi, na kazi ya kuyazuia maji yasiifikie bodi yenyewe. Wenye nyumba wengi hulipia la kwanza na kulisahau la pili.

Bodi ya sehemu zenye unyevu huuzwa ikiwa na karatasi ya kijani. Tofauti yake halisi haimo katika rangi bali katika uji: kiwandani huchanganywa na nta au silikoni, nayo hupaka kuta za vitundu vidogo vilivyomo ndani ya bodi ili maji yashindwe kupenya. Kiwango cha Ulaya, EN 520, huzigawa bodi hizi katika madaraja matatu kwa jaribio rahisi. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 huzamishwa majini kwa saa 2, kisha hupimwa kimeongezeka uzito kiasi gani. Daraja la H1 halipaswi kuongezeka zaidi ya asilimia 5, H2 asilimia 10, na H3 asilimia 25. Bodi nyeupe ya kawaida hunywa maji mengi kupita hapo.

Jaribio hilo linaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye ndoo na mizani ya jikoni, na ni vizuri lifanywe, kwa kuwa karatasi ya kijani haigharimu kitu kuitia rangi. Kipande cha ukubwa huo kilichokatwa kwenye bodi ya unene wa milimita 12.5 huwa na uzito wa gramu 800 hivi. Kizamishwe chote saa 2, kitolewe, kifutwe maji ya juu kwa kitambaa, kipimwe tena. Kikiwa gramu 840 au pungufu, ni bodi ya daraja la kwanza. Kikifika 880, bado kinafaa bafuni. Kikipita kilo moja, rangi yake haina maana yoyote na fundi asiruhusiwe kukifunga bafuni hata kama muuzaji ana karatasi za kuonyesha. Jambo moja zaidi: kingo zilizokatwa hunywa zaidi kuliko uso wenye karatasi, na kipande kidogo kina kingo nyingi kulingana na ukubwa wake, kwa hiyo kipande kisipunguzwe chini ya sentimita 30, vinginevyo bodi nzuri nayo itaonekana mbaya.

Kazi yenyewe inaeleweka vizuri zaidi kwa kuifuata nyumba moja ya mfano. Ni nyumba ya Dar es Salaam yenye chumba kikubwa cha kulala, urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 3.6, na wenyewe wanataka kukikata upande mmoja wapate bafu na choo cha ndani. Ukuta mpya utakuwa na urefu wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.7, wenye mlango mmoja, na bafu litapata upana wa mita 1.5. Ukiondoa nafasi ya mlango, ukuta huo una karibu mita 8 za mraba. Ukijengwa kwa tofali za inchi 6 na kupigwa lipu pande zote mbili, utakuwa na uzito wa karibu tani 2.8. Ukijengwa kwa fremu ya chuma na bodi moja kila upande, utakuwa na kilo 180 hivi kabla ya vigae. Kwenye nyumba ya ghorofa, ambako chini ya chumba hicho kuna zege ambalo halikukusudiwa kubeba ukuta mahali pale, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Kabla ya kununua chochote huamuliwa bomba la mvua likae wapi. Katika nyumba hii linafaa kuwekwa kwenye ncha ya bafu, kwenye ukuta wa tofali wa nje, ili maji yanayopiga moja kwa moja yapige tofali. Ukuta mpya utabaki kuwa ubavu wa sehemu ya kuogea kwa sentimita 90 tu. Uamuzi huu haugharimu kitu, na huuondolea ukuta wa jipsamu sehemu kubwa ya maji. Choo na sinki la kunawia huelekezwa upande wa pili, mbali na mvua.

Fremu hujengwa kwa aina mbili za chuma chembamba kilichopakwa zinki. Chaneli zenye umbo la U hulala sakafuni na juu, na nguzo zenye umbo la C husimama ndani yake. Chuma cha nguzo kwa kawaida huwa na unene wa nusu milimita au zaidi kidogo. Kinachopaswa kuulizwa dukani, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, ni wingi wa zinki. Ule wa chini huwa na gramu 100 hivi kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Ulio bora hufika gramu 275. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na bafu huongeza unyevu usiokauka usiku kucha, kwa hiyo ukutani mwa bafu la pwani gramu 100 ni kidogo mno. Kutu ya zinki huanza ikiwa unga mweupe. Ikishakuwa nyekundu, zinki imekwisha na chuma chenyewe ndicho kinacholiwa.

Chaneli ya chini haikai moja kwa moja kwenye sakafu ya bafu. Kwanza humwagwa kizingiti cha zege chenye kimo cha sentimita 10 na upana sawa na ukuta, kikiachwa wazi mlangoni. Kikishakauka vizuri, hutandazwa juu yake utepe wa nailoni nzito, ile inayowekwa chini ya msingi kuzuia unyevu, ndipo chaneli ifungwe kwa fisha na skrubu kila baada ya sentimita 60. Kizingiti hicho ni kazi ya siku moja na ndoo chache za zege, na hakuna sehemu nyingine ya ukuta huu inayorudisha faida kama hii. Maji yote ya bafu, ya kuoga, ya kudeki, ya bomba lililosahauliwa wazi, hukutana sakafuni, na bodi inayoanza sentimita 10 juu ya sakafu huwa imekwepa sehemu kubwa ya madhara.

Mstari wa chaneli ya juu hupatikana kwa timazi kutoka ule wa chini. Nguzo hukatwa fupi kwa nusu sentimita hadi sentimita moja kuliko nafasi iliyopo, ili sakafu au zege la juu likicheza kidogo lisiukandamize ukuta. Ukuta wa kawaida huruhusu nguzo moja kila baada ya sentimita 60. Ukuta utakaobeba vigae unahitaji sentimita 40, maana kigae hakipindi. Bodi ikitikisika kidogo tu, grauti hupasuka na maji hupata njia. Kwa urefu wa mita 3.6 hiyo ni nguzo 10, na zikiongezwa zile za kuimarisha pande za mlango huwa 12 hivi. Nguzo zenye upana wa milimita 75 zinafaa, kwa sababu zikivikwa bodi mbili ukuta huwa na unene wa sentimita 10, na ndani hubaki nafasi ya kutosha kupitisha mabomba ya maji safi. Bomba la maji machafu ni heri lishuke sakafuni kuliko kutoboa nguzo moja baada ya nyingine.

Nguzo zote huelekezwa upande mmoja, midomo yao iliyo wazi ikitazama mahali pamoja, na ubao wa kwanza huanza upande ambao ukingo wake utafungwa kwenye nusu ya nguzo iliyo karibu na mdomo huo. Sababu yake huonekana fundi akikosea. Bawa la nguzo upande wa mdomo halina kitu nyuma yake. Skrubu ya bodi ya pili ikilisukuma, hujikunja ndani kwa milimita mbili au tatu, na bodi hiyo hukaa chini kuliko jirani yake. Ngazi hiyo ndogo huonekana kwenye kila ukuta wa jipsamu mwanga wa taa unapoupiga kwa ubavu, na hakuna puti inayoificha. Bodi ya kwanza ikishalishika bawa hilo, ya pili hukuta mahali imara.

Kabla ya bodi kufungwa, ndani ya fremu huwekwa vyote vitakavyobeba uzito. Sinki la kunawia, kabati, reli ya taulo na kishikizo cha mzee cha kuinukia chooni haviwezi kushikwa na bodi. Mahali pa kila kimoja huwekwa kipande cha plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa dawa, kikifungwa kati ya nguzo mbili, na urefu wake kutoka sakafuni huandikwa au kupigwa picha. Hita ya maji ya lita 50 ikijaa hupita kilo 65, hiyo ipelekwe ukuta wa tofali bila mjadala. Mabomba hujaribiwa kwa msukumo wa maji usiku mzima, yakiwa bado wazi. Uvujaji unaoonekana siku hiyo huzibwa kwa dakika kumi. Ukigunduliwa baada ya vigae, hugharimu ukuta.

Bodi za kawaida dukani zina upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 240. Kizingiti kimekula sentimita 10 za kimo, na kati yake na bodi huachwa sentimita moja ili bodi isifyonze unyevu wa zege, hivyo zinabaki mita 2.59 za kuziba. Bodi moja itafika karibu na juu na kubakiza sentimita 19, ambazo huzibwa kwa kipande. Upande wa bafuni kipande hicho huwekwa juu, mbali na maji, na nyuma ya kiungo hufungwa kipande cha chaneli kati ya nguzo na nguzo ili kingo zisielee hewani.

Upande huo wa bafuni una safu tatu za bodi. Safu iliyo ubavuni mwa sehemu ya kuogea inafaa iwe ya bodi ya saruji badala ya ile ya kijani. Bodi ya saruji haina karatasi wala jipsamu. Hulowa, lakini haioti wala haiyeyuki. Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi za Marekani, ambako bodi ya kijani ilitumika nyuma ya vigae vya bafu kwa miaka mingi, ziliacha kuiruhusu kwenye kuta za sehemu za kuogea kuanzia toleo la mwaka 2006. Ilikuwa imeonekana vya kutosha kwamba bodi inayochelewesha maji hatimaye hushindwa mahali ambapo maji hayaachi kuja. Sehemu nyingine za bafu, zile zinazopata mvuke na matone, bodi ya kijani huzimudu. Upande wa chumbani hutumika bodi nyeupe za kawaida. Safu za upande huo huanza na kipande cha sentimita 80 na kumalizia na cha sentimita 40, vyote kutoka bodi moja, ili viungo vya pande mbili visiangukie nguzo moja.

Skrubu za milimita 25 hufungwa kila baada ya sentimita 30 katikati ya bodi na 20 kwenye kingo. Kichwa cha skrubu kinatakiwa kuzama kidogo tu, karatasi ikibonyea bila kuchanika. Karatasi ndiyo inayobeba. Skrubu iliyoipasua imeshika unga, na hufaa kufungwa nyingine kando yake. Fundi mwenye drili yenye kasi kubwa isiyo na kizuizi huharibu nusu ya skrubu zake bila kujua, na njia ya kumkagua ni kupitisha kidole: kichwa kikikwaruza kimetokeza, na ukigusa unga, karatasi imekatika.

Viungo vya upande wa chumbani hujazwa puti ya jipsamu na kufunikwa kwa utepe wa karatasi au wa nyuzi, kisha hupigwa msasa. Upande wa vigae puti hiyo haifai, kwa sababu nayo ni jipsamu na haina nta. Hapo viungo hujazwa gundi ya vigae yenye saruji, pamoja na utepe wa nyuzi usioliwa na saruji. Kila ukingo uliokatwa na kila tundu la bomba hupakwa dawa ya kuzuia maji kabla ya bodi kusimamishwa, maana pale ndipo jipsamu ilipo uchi. Tundu la bomba hukatwa kubwa kuliko bomba kwa milimita chache na kujazwa silikoni.

Halafu inakuja kazi ambayo vigae hudhaniwa kuifanya. Kigae hakipitishi maji, ila grauti hupitisha, na kila bafu lenye vigae lina mita nyingi za grauti. Kwa hiyo kinachozuia maji ni utando uliopakwa nyuma ya vigae, dawa ya maji maji inayokauka na kuwa kama mpira. Hupakwa mikono miwili, wa pili ukiukata wa kwanza, na ukiachwa ukauke kabisa katikati yake. Sakafu yote hupakwa, ukapanda kwenye kila ukuta kwa sentimita 15 na kukifunika kizingiti chote pamoja na chini ya bodi. Kwenye sehemu ya kuogea hupanda mpaka mita 2. Kwenye kona, ambako ukuta na sakafu hucheza kila kimoja kivyake, hulazwa kwanza utepe wa kitambaa unaonyumbulika. Utando wenye rangi mbili tofauti kwa mikono miwili humsaidia mwenye nyumba: penye rangi ya kwanza hapajapakwa mara ya pili. Ukishakauka, tundu la maji machafu huzibwa, sakafu hujazwa maji ya kina cha sentimita 3 hivi, na huachwa saa 24. Kina kikipungua kupita kile cha kukauka kwa hewa, au dari ya chini ikionyesha doa, kuna mahali pamerukwa.

Vigae navyo vina kikomo cha uzito. Bodi ya jipsamu isiyopigwa lipu huhesabiwa kubeba kilo 32 kwa mita ya mraba, gundi ikiwamo. Kigae cha kawaida cha ukutani cha milimita 8 kinafika kilo 21 pamoja na gundi, na kigae kigumu cha milimita 10 hukaribia 28. Marumaru halisi ya sentimita 2 hupita 50, nayo iwekwe kwenye tofali. Kona za vigae, kati ya ukuta na ukuta na kati ya ukuta na sakafu, hujazwa silikoni badala ya grauti, na silikoni hiyo hukaguliwa kila mwaka kwa sababu huchoka.

Dari ya bafu ina masharti yake. Zipo dari za aina mbili za kuning'inia: ile ya ofisini, ya vibao vya sentimita 60 kwa 60 vilivyolazwa kwenye vyuma vyenye umbo la T, na ile ya bodi nzima isiyoonyesha chuma. Nyumbani hutumika zaidi ya pili. Katika bafu la mfano, lenye dari ya mita za mraba 5.4, uzito wote pamoja na chuma ni kilo 65 hadi 70, na lazima ubebwe na kenchi au zege la juu. Hanga zikifungwa kwenye papi za mabati, kila upepo unaolitikisa bati hutikisa dari na viungo hupasuka. Chaneli moja kubwa hupita katikati kwa urefu, ikishikwa na hanga kila baada ya sentimita 90. Chaneli ndogo huikata, na kuta zote huzungushwa engo.

Nafasi ya chaneli ndogo ndiyo inayokosewa mara nyingi. Bodi nyeupe ya milimita 12.5 hutulia kwa sentimita 40 hadi 60. Bodi ya kijani ni nzito zaidi, na ikilala bila kushikwa vizuri katika unyevu hulegea polepole katikati; fundi anayetumia vipimo vya sebuleni huacha dari itakayoonekana sawa kwa miezi kadhaa, kisha kuanza kupinda chini kati ya chaneli na chaneli. Dari ya bodi ya kijani inataka chaneli kila baada ya sentimita 30, na skrubu kila baada ya sentimita 20. Kwa urefu wa mita 3.6 hizo ni chaneli 11. Bodi mbili zinatosha kuifunika yote na kubakiza kipande kidogo tu, kama zikikatwa kwa mpango: bodi moja na nusu kwa upana wa sentimita 120, na nusu iliyobaki ikipasuliwa kuwa vipande vya sentimita 30.

Mvuke wa bafu lazima upate njia ya kutoka nje ya nyumba. Feni ya kufyonza inayopulizia juu ya dari huupeleka unyevu kwenye mbao za kenchi na mgongo wa bodi, na usiku bati likipoa hugeuka matone yanayorudi chini. Bomba la feni lipitishwe mpaka ukuta wa nje. Mdomo wa mraba wa sentimita 45 hivi wa kupandia juu pia huachwa, chini ya mabomba au tangi, ili doa likitokea mtu aweze kuchungulia bila kubomoa.

Jikoni maji ni machache kuliko bafuni na hukusanyika mahali pamoja, nyuma ya sinki na chini yake. Bodi ya kijani inatosha huko, ikiwa na vigae na silikoni pale meza inapokutana na ukuta. Kinachosumbua zaidi ni joto. Jipsamu ikikaa muda mrefu katika joto lililozidi nyuzi 50 hivi huanza kuyaachia maji yake ya ndani na kurudi kuwa unga, kwa hiyo nyuma ya jiko la gesi au la mkaa ukuta uwe wa tofali, na dari isiwe juu tu ya moto usio na bomba la kutolea moshi.

Ukuta ulioanza kuingia maji husema mapema. Upande wa chumbani, rangi hufura karibu na sakafu au hutoa malengelenge. Bafuni, vigae vikigongwa kwa mpini wa bisibisi vinavyotoa sauti ya uwazi, wakati jirani zake zinatoa sauti nzito, vimeachana na bodi. Grauti inayopasuka tena na tena kwenye mstari uleule inaonyesha bodi inayocheza. Harufu ya uvundo bila doa hutoka ndani ya fremu. Darini, duara la kahawia lenye ukingo mweusi ni la maji yaliyokuja na kukauka mara kadhaa; doa lenye unyevu linalobonyea kwa kidole ni la sasa, na bodi iliyotuna kwa maji hutobolewa tundu dogo chini yake na ndoo ikiwekwa, kabla haijaanguka nzima.

Ukarabati huanza kwenye chanzo. Bodi iliyoloa mara moja na kukauka ndani ya siku mbili, ikabaki ngumu, huachwa. Iliyolainika, iliyotuna au iliyoota kuvu haiponi kwa rangi wala puti. Hukatwa mraba mpaka katikati ya nguzo za pande zote mbili, ikipita doa kwa sentimita 15 hivi, ili kipande kipya kipate mahali pa kufungwa. Uwazi huachwa siku kadhaa ukauke, vumbi jeupe la zinki lisuguliwe na kupakwa rangi ya zinki, na nguzo yenye kutu nyekundu iongezewe nyingine kando yake. Kisha hufungwa bodi mpya ya unene uleule, na kazi ya utando hurudiwa kuanzia kwenye utando wa zamani, mpya ukipanda juu yake kwa sentimita 10.